Picha Haina Joto

Alfajiri shangazi alinitumia picha mbili kwa simu: kiwele kimevimba upande mmoja, na mabonge ya maziwa kikombeni.

"Yaonekana ni mastaitisi," nikamwambia, "lakini picha haina joto. Hebu kiguse."

"Ni moto! Amenirushia teke."

Nikashusha pumzi kidogo. Kingekuwa baridi na cha rangi ya samawati, nyama ya ndani ingekuwa inakufa, na ng'ombe angeweza kwenda nayo.

"Daktari wa mifugo aje leo. Mkamue huyo wa mwisho, maziwa ya chuchu hiyo uyamwage mbali. Akishadungwa, hata ya chuchu nzima usiuze mpaka zile siku za dawa ziishe."

Kimya. Kisha: "Na mkopo wake, mwanangu, nitalipa na nini?"