Sentimita Moja na Pointi Nane

Kuna mwaka nilifanya kibarua cha kupima watoto. Nilikuwa mmoja wa vijana walioajiriwa kwa wiki chache kuzunguka vijiji vya Simiyu na ubao wa mbao mgongoni, kupima urefu wa watoto wa chini ya miaka mitano. Mimi ni mzaliwa wa Bariadi, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kwenye kila mji ilikuwa salamu. Unasema "mwangaluka", unakaa, unasikiliza habari za pamba na mvua, halafu ndipo unafungua ubao.

Mwenzangu alikuwa dada mmoja kutoka Ngara, mkoani Kagera. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala, na lazima muwe wawili: mmoja anashika kichwa kigusane na ubao wa juu, mwingine ananyoosha magoti na kusogeza kibao hadi kwenye nyayo. Mtoto akilia na kukunja goti moja, sentimita mbili zimepotea, na ukiandika hivyo hivyo umemfanya mdumavu kwa kalamu. Yule dada alikuwa mkali kwa hilo. "Kaka, rudia," alikuwa akisema, hata mama wa mtoto akishaanza kununa.

Siku moja, tukiwa tunakula michembe chini ya mti, akaniambia kwao yeye ndiye mfupi. Kaka zake waliomtangulia ni warefu na wadogo zake ni warefu. Yeye alizaliwa mwaka 1993. Alisema huku anacheka, nami nikacheka, lakini mwaka ule aliutaja kama mtu anayetaja ugonjwa.

Baadaye nilitafuta habari zake. Nilidhani nitasoma juu ya watoto wa wakimbizi. Nilichokuta ni habari za watoto kama yeye, waliokuwa kwao, kwenye nyumba zao, wakati vita vya watu wengine vilipobisha hodi.

Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakaanza kuvuka mpaka kuingia kwetu. Aprili 1994 yakaja mauaji ya kimbari Rwanda. Mwisho wa mwezi huo, ndani ya takribani saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikaota porini kama uyoga. Hebu fikiria Bariadi mjini yote imehamia shambani kwako usiku mmoja, halafu nyingine, halafu nyingine.

Ilitokea kwamba Kagera ilikuwa tayari inachunguzwa. Kuanzia 1991 Benki ya Dunia na watafiti wa Muhimbili walikuwa wakizitembelea kaya zaidi ya 900 za mkoa huo, wakitaka kujua vifo vya UKIMWI vinazifanyia nini familia. Walipima watu, pamoja na watoto. Mwaka 2004 wakarudi kuwatafuta watu wale wale, hata waliohamia Mwanza, Dar es Salaam au Uganda. Hakuna aliyepanga kupima vita, ila ubao wa kupimia ulikuwepo kabla ya vita na ukawepo baada yake, jambo ambalo ni nadra sana.

Mchumi Javier Baez ndiye aliyezichukua takwimu hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Kambi zilikuwa magharibi, karibu na mipaka, na kati ya magharibi na mashariki ya mkoa kuna vizuizi vya asili vilivyofanya wakimbizi wasisambae sawasawa. Kwa hiyo aliwalinganisha watoto wa upande wa kambi na wale wa upande wa pili, kabla na baada. Kulinganisha hivyo kunasaidia: kama ukame au bei ya kahawa imewapiga wote, inajifuta yenyewe.

Zaidi ya mwaka mmoja baada ya mmiminiko, watoto wa karibu na kambi walikuwa wameshuka hatua 0.3 kwenye kipimo cha ukuaji. Nilipoisoma namba hiyo sikuielewa hadi nilipoirudisha kwenye ubao. Mvulana wa miezi 24 anayekua vizuri husimama kama sentimita 87, na hatua moja kwenye umri huo ni kama sentimita 3. Kama kipimo ni cha urefu, hatua 0.3 basi ni karibu sentimita moja, yaani upana wa kidole cha mtoto. Waliokuwa wadogo wakati ule, walipokuja kupimwa wakiwa vijana, walikuwa pungufu kwa sentimita 1.8.

Jicho haliioni sentimita 1.8, hata la mama mzazi. Lakini ni wastani wa kundi zima, na ili wastani ushuke kiasi hicho lazima kuwe na waliopoteza zaidi. Na kuna wasiohesabiwa kabisa: vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano viliongezeka kwa pointi 7 za asilimia. Ubao unawapima waliobaki. Mara nyingi wanaokufa ndio waliokuwa dhaifu, kwa hiyo kipimo kinaweza kuifanya hali ionekane nzuri kuliko ilivyokuwa.

Je, vita vinaingiaje mwilini mwa mtoto ambaye hakusikia hata risasi? Kwanza kwa maradhi. Maji ni yale yale, watu wameongezeka mara nyingi, na mtoto anayeharisha kila mara chakula chake kinaishia kupigana na ugonjwa, hakifiki mfupani. Magonjwa ya kuambukiza yalipanda kwa pointi 15 hadi 20. Pili kwa soko. Mahindi ya msaada yalikuwepo, hivyo bei ya vyakula vya aina hiyo haikupaa sana. Vilivyopaa ni vile ambavyo msaada hauleti, kama ndizi na maziwa. Mwenye shamba kubwa alinufaika, na wapo waliojenga. Kibarua asiye na shamba alikuta wakimbizi wanafanya kazi yake kwa malipo madogo zaidi, huku maziwa yakimshinda. Kwa hiyo swali la kama wakimbizi walileta neema au balaa mimi naliona halijakaa sawa, maana jibu linategemea ulikuwa mtoto wa nani.

Tatizo lingine ni kwamba dharura haina muda na urefu. Kambini kinachotumika ni utepe wa kuzungushia mkono wa juu, unaoonyesha nani amekonda na anaweza kufa wiki hii. Ni sawa, huyo ndiye wa kuokolewa kwanza. Akilishwa, uzito unarudi. Urefu uliopotea kwenye miaka miwili ya kwanza kwa kawaida haurudi wote, na utepe hauuoni.

Tena urefu bila umri haukuambii kitu. Mvulana wa sentimita 84, kama ana miezi 24, yuko salama. Kama ana miezi 30, ni mdumavu. Familia iliyokimbia usiku haikubeba kadi ya kliniki, na mpimaji akimkadiria mtoto kwa macho atampa umri mdogo kwa sababu ni mfupi, na hapo udumavu unafutika kwenye karatasi. Dawa yake ni kuuliza taratibu: alizaliwa kabla ya mavuno au baada, alikuwa anatambaa mlipovuka daraja?

Simiyu hatuna kambi. Mwaka 2022 watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wadumavu, na kwetu ni njaa ya kabla ya mavuno na maji ya lambo, si bunduki. Mfupa haubagui sababu. Ndiyo maana nilipomuuliza yule dada kama anaamini ufupi wake ni wa mwaka ule, alinikatalia.

"Siwezi kujua, kaka. Labda nimemfuata bibi."

Yuko sahihi. Namba ile ni ya watoto wa magharibi ya Kagera kwa pamoja, na hakuna mmoja wao anayeweza kuidai kuwa yake. Kisha akaufunga ubao, tukaenda mji unaofuata.