Dakika tatu kwenye matanga

Huku Mbugangari, matanga moja inakusanya Wakatoliki, Wapentekoste, Waislamu na wale wasiosali kabisa. Nikipewa nafasi ya kufariji, nagawa maneno yangu sehemu tatu, kila moja dakika moja tu.

Kwanza, marehemu mwenyewe. Mbele ya kusimama nauliza familia: alifanya nini kila siku? Tulipomzika mama mmoja aliyekuwa anavusha nyanya kwenye barieri ndogo, binti zake ni Wapentekoste, mashemeji Waislamu. Nilisema: "Mama alijua nani hajalipa deni, na bado alimpimia tena." Watu wakacheka, kisha wakalia. Kitu ambacho wote walikiona kwa macho, hakuna wa kukikataa.

Pili, uchungu. "Mama zetu, baba zetu, poleni sana. Kulia si kukosa imani." Sisemi "Mungu amempenda zaidi", maana mtoto wake anaweza kusikia kwamba Mungu amemnyang'anya mama. Sisemi pia marehemu yuko wapi sasa. Hapo ndipo imani zetu zinaachana.

Tatu, kimya. "Kila mtu asali kwa namna yake, na asiyesali amkumbuke mama." Nahesabu moyoni polepole mpaka 30. Siitishi "amina". Sala zenyewe nawaachia mchungaji na shehe, kwa utaratibu ambao familia imekubali mapema.

Kisha nataja nani atalala na watoto usiku huu na nani atachota maji asubuhi, nakaa chini.