Kitanda Kilichogeuka Ofisi: Dada wa Sinza Alivyoanza Kulala Tena

Kuna dada mmoja yupo Sinza, amepanga chumba kimoja, choo cha kushea. Geto lake ni lile unalolijua: kitanda cha futi tano kwa sita, kabati la nguo, jiko la gesi kwenye kona, ndoo mbili za maji na feni. Meza hana. Kiti ni kile cha plastiki, nacho kimebeba nguo ambazo hazijapigwa pasi.

Kazi yake ni ya mtandaoni. Kuna duka la nguo Kariakoo, yeye ndiye anayeendesha kurasa za duka hilo. Anapost picha, anajibu wateja, anapokea oda, anawapigia bodaboda. Alipoanza aliona amepata bonge la zali. Hakuna nauli, hakuna foleni, unafanya kazi ukiwa na dera lako.

Sasa mtu mwenye kitanda tu atafanyia kazi wapi? Kitandani. Asubuhi anaamka, ananyoosha mkono, laptopu hiyo hapo. Chai anakunywa kitandani, mchana anakula hapohapo, jioni anaangalia tamthilia hapohapo. Usiku anazima taa na simu inabaki mkononi, maana kuna mteja kauliza "hii saizi 14 ipo?" Ukimuuliza kazi yake inaisha saa ngapi, hana jibu.

Baada ya miezi minne hivi usingizi ukakata. Saa nne usiku anapanda kitandani, saa nane anahesabu mbao za dari. Cha ajabu, mchana akiwa kwenye daladala anasinzia mpaka anapitilizwa kituo. Akienda kwa mama yake Mbagala, akikaa tu kwenye mkeka sebuleni anakoroma. Akirudi Sinza na kuweka kichwa kwenye mto wake, macho yanafunguka kama kapakwa pilipili.

Siku iliyomshtua ni hii. Saa saba usiku, macho yanauma, mteja kauliza bei ya gauni. Bei ni 52,000. Yeye akaandika 25,000, akaiweka na kwenye status kabisa. Asubuhi wateja watatu walikuwa wameshalipia na skrinishoti wametuma. Bosi hakupiga kelele. Alisema nguo zipelekwe, na ile tofauti ya 27,000 mara tatu itakatwa kwenye mshahara. Elfu themanini na moja, hivihivi. Kodi ya mwezi ule aliilipa kwa kukopa.

Jirani yake ni nesi, mama wa makamo. Akamkuta uani anafua huku analia, akamuuliza kulikoni. Dada wa watu akamwaga yote. Nesi akamuuliza swali moja tu:

"Mdogo wangu, hicho kitanda chako kinafanya kazi ngapi?"

Akaanza kuhesabu. Ofisi, meza ya chakula, sebule, sinema, na kitanda.

"Basi ukipanda, mwili wako utajuaje kwamba sasa hivi ni zamu ya kulala?"

Hapo ndipo penyewe. Mwili unajifunza kwa mazoea. Ukipita kwenye mishikaki mate yanakujaa, ingawa hujala hata kipande. Kitanda nacho ni hivyohivyo. Ukikitumia kwa usingizi tu, kukipanda tu kunaleta usingizi. Ukikitumia kugombana na wateja, kuhesabu hela na kuwaza, mwili unajifunza kwamba hapa ni mahali pa kuwa macho. Ndiyo maana yule dada alilala kwa mama yake na kwenye daladala, akashindwa kwake. Ukiona wewe unasinzia popote isipokuwa kitandani kwako, hiyo ndiyo dalili yenyewe. Mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Richard Bootzin aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1972, na kanuni zake mpaka leo ni sehemu ya tiba ya kukosa usingizi isiyotumia dawa.

Kanuni ni chache, nesi alimtajia kwa vidole. Panda kitandani ukiwa na usingizi, siyo kwa sababu saa imefika. Kitandani ni kulala tu, na mambo ya wapenzi, basi. Ukikaa kama robo saa hujalala, shuka, nenda pengine, rudi usingizi ukija. Ukirudi ukashindwa tena, shuka tena. Asubuhi amka saa ileile kila siku, hata kama umelala masaa matatu. Na mchana usilale.

Dada akacheka. "Dada, nishuke niende wapi? Chumba chenyewe si ndiyo hiki?"

Swali la maana kabisa, maana ushauri mwingi wa usingizi umeandikwa kwa watu wenye vyumba vitatu na sebule. Jibu walilipata wote wawili pale uani, na lilikuwa linaning'inia juu ya kitanda tangu siku nyingi: neti.

Wakakubaliana hivi. Asubuhi akiamka anatandika, kisha anaishusha neti na kuichomekea pande zote nne chini ya godoro, kitanda kinafungwa kama duka. Mchana kutwa hakuna kukaa pale, hata kuweka mkoba. Neti inafunguliwa usiku, akiwa na usingizi. Kiti cha plastiki kikaondolewa nguo, kikageuzwa kuangalia ukuta wa pili, kikawa ofisi. Meza ilikuwa stuli aliyonunua kwa fundi seremala wa mtaani. Upande wa mlango akatandika mkeka na mto mmoja wa kuegemea. Hiyo ndiyo sebule, na ndiko atakakoshukia usiku.

Lakini kuhamisha kazi kwenye kiti hakutoshi kama kazi yenyewe haina mwisho. Aliyekuwa anakwenda ofisini alikuwa na daladala ya jioni. Ile saa nzima ya foleni ilikuwa inamtoa kazini taratibu. Wa nyumbani hana daladala, inabidi ajitengenezee. Yeye akapanga kengele ya saa mbili na nusu usiku, akaiita "kufunga duka". Ikilia, anafanya mambo manne kwa mpangilio uleule, na hayazidi nusu saa.

Kwanza, anapitia meseji zote na kumjibu kila mtu, hata kama jibu ni "nitakucheki kesho saa tatu asubuhi". Mteja aliyeachwa hewani ndiye anayekuja kichwani saa saba usiku.

Pili, anaandika kwenye daftari mambo ya kesho, na kwa kila jambo hatua ya kwanza. Haandiki "oda ya Tabata". Anaandika "kumpigia bodaboda saa tatu, oda ya Tabata, mteja hajamalizia 10,000". Hili lina ushahidi. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor kule Texas waliwalaza vijana 57 maabara, na kabla ya kulala wakawapa dakika tano za kuandika. Walioandika mambo wanayotakiwa kufanya siku zinazokuja walipata usingizi mapema kwa kama dakika tisa kuliko walioandika waliyokwishayafanya. Na kadiri mtu alivyoandika kwa undani, ndivyo alivyowahi kulala. Kichwa kikijua jambo limeandikwa, kinaacha kulikumbusha.

Tatu, anawasha "Away message" kwenye WhatsApp Business, kuanzia saa tatu usiku mpaka saa mbili asubuhi. Mteja akiandika anajibiwa kwamba duka limefungwa, oda yake itashughulikiwa asubuhi.

Nne, anazima laptopu kabisa, siyo kuifunika tu, anaiweka kwenye begi na begi linaingia kabatini. Simu inachajiwa kwenye soketi ya mlangoni, mbali na mkono. Kengele ya asubuhi ikilia, lazima anyanyuke.

Kigumu kuliko vyote kilikuwa kumwambia bosi. Bosi ana tabia ya kutuma "upo?" saa tano usiku. Dada akamwandikia mchana, kwa adabu: "Shikamoo dada. Naomba kuanzia wiki hii nifunge saa tatu usiku, nifungue saa mbili asubuhi. Lile kosa la bei nililifanya saa saba usiku nikiwa nimechoka, sitaki kukutia hasara tena. Dharura nipigie kabisa, nitapokea." Bosi akajibu "sawa". Usiku ule akatuma "upo?" kama kawaida. Hakujibiwa, asubuhi saa mbili akajibiwa. Ilichukua kama wiki mbili kuzoea. Kupiga kwa dharura, alipiga mara moja tu.

Sasa usidhani alilala usiku wa kwanza. Alipanda saa tano, akashuka, akapanda, akashuka. Mara tatu. Kwenye mkeka alikaa na taa ndogo akikunja nguo, na saa aliigeuzia ukutani, maana ukiangalia saa unaanza kupiga hesabu za masaa yaliyobaki na usingizi unakimbia zaidi. Alilala kama saa tisa, akaamka saa kumi na mbili na nusu kama ilivyopangwa. Siku ya tatu alikuwa kama mlevi. Hapo ndipo wengi wanaacha, wanasema haifanyi kazi. Kumbe ule uchovu ndio unaosukuma usingizi wa kesho, mradi usiupoteze kwa kulala mchana wala kwa kulala mpaka saa nne Jumapili.

Wiki ya pili alikuwa anashuka mara moja kwa usiku. Wiki ya nne kuna siku alifungua neti saa tano kasoro na hakumbuki kilichofuata. Mwezi wa pili akateleza. Jumamosi moja mvua inanyesha, akasema acha aingie na simu aangalie kipande kimoja tu cha tamthilia. Saa nane usiku yupo macho. Kesho yake aliamka saa ileile, akachomekea neti, akaendelea.

Njia hii ina mipaka yake. Kifafa, na yale maradhi ya akili ambayo kukosa usingizi huyaamsha, vinahitaji daktari kwanza, kwa sababu siku za mwanzo unapunguza usingizi. Mzee anayeweza kuanguka gizani asiambiwe ashuke shuke. Anayekoroma kwa nguvu mpaka pumzi inakatika, tatizo lake siyo kitanda, ni hewa. Na ukikosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, miezi mitatu mfululizo, nenda hospitali. Mkeka peke yake hautoshi.

Juzi mdogo wake alikuja kumtembelea kutoka Morogoro, akataka kujitupa kitandani mchana na simu yake. Akazuiwa mlangoni.

"Neti ikichomekewa hapo pamefungwa. Kaa kwenye mkeka."

Mdogo mtu akaguna, akakaa. Wewe hapo ulipo unasoma haya, umekaa wapi?