Siku ya Ukata Tunaijua Mapema

Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya Arusha inayosambaza sabuni na vifaa vya usafi kwa hoteli, shule na maduka. Zamani, kila Jumatatu asubuhi, mama mwenye kampuni alikuwa na swali moja: "Benki tuna shilingi ngapi?" Nilimsomea salio, naye akaamua nani alipwe. Siku hizi ananiuliza, "Mwanangu, siku ya ukata ni ipi?" Badiliko hilo limetuondolea hofu ya mishahara iliyokuwa ikitukaba kila mwisho wa mwezi, ndiyo maana nalitolea ushuhuda.

Muhtasari wetu wa wiki ni ukurasa mmoja unaotazama wiki nne mbele. Unaanza na salio, likifuatiwa na fedha tunazotarajia kwa wadaiwa, halafu ankara tunazodaiwa na wasambazaji, na mwisho malipo yanayojirudia: mishahara, pango, marejesho ya mkopo na kodi. Kujumlisha na kutoa si kazi. Kazi ni kuipa kila fedha tarehe yake ya kweli.

Nitaeleza kwa mwezi mmoja ambao Jumatatu yake iliangukia tarehe 17. Benki ilionyesha milioni 18.4, lakini tulikuwa tumetoa hundi ya milioni 2.4 ambayo mwenyewe hakuwa ameipeleka benki. Kwa hiyo tulianza na milioni 16.

Kwa mujibu wa ankara, wiki ile tulipaswa kupokea milioni 15: hoteli moja milioni 12, na maduka milioni 3. Nilifungua kumbukumbu za malipo ya hoteli hiyo. Karibu kila mara ililipa siku kumi hivi baada ya tarehe ya mwisho, na malipo yake yalitoka Ijumaa tu. Ankara ilipaswa kulipwa Jumanne tarehe 18, basi nikaiandika Ijumaa tarehe 28. Zikabaki milioni 3 za maduka.

Upande wa kutoa, msambazaji wetu mkubwa alitudai milioni 9. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo mwisho wake ni tarehe 20, ilikuwa milioni 3.5, na marejesho ya mkopo milioni 1.5. Jumla milioni 14. Wiki ya kwanza ingefungwa na milioni 5.

Wiki ya pili tulitarajia milioni 12 za hoteli na milioni 2.5 za maduka, tulipe mishahara ya milioni 6.5, tufunge na milioni 13. Anayesoma mstari wa mwisho peke yake angeona tumeneemeka. Lakini mishahara yetu hutoka tarehe 26, Jumatano, siku mbili kabla ya hoteli kulipa. Hadi Jumatano maduka yangekuwa yameleta takriban milioni 1. Ukichukua milioni 5, ukaongeza 1 na kutoa 6.5, unapungukiwa shilingi laki tano. Hiyo ndiyo siku ya ukata, na jumla ya wiki ilikuwa imeifunika kabisa. Tangu hapo, chini ya kila wiki naandika salio la kufungia pamoja na salio la chini kabisa na siku yake.

Kwa kuwa tuliliona pengo siku tisa kabla, mama alimpigia msambazaji simu Jumatatu ileile. Wakakubaliana apokee milioni 6 wiki hiyo na milioni 3 mwanzoni mwa wiki ya tatu. Siku ya mishahara ikabaki na milioni 2.5 badala ya pengo. Msambazaji anayeambiwa kabla ya tarehe yake huzungumza. Anayeambiwa baada ya tarehe kupita husimamisha mzigo.

Kila Jumatatu nalinganisha makadirio ya wiki iliyopita na taarifa ya benki, na kila tofauti naiulizia: fedha imechelewa au haiji kabisa? Iliyochelewa huhamia wiki nyingine, na tabia ya mteja inasahihishwa. Isiyokuja, kama ya mzigo uliorudishwa, inafutwa. Ukiisogeza mbele kila wiki, ukurasa unaahidi fedha ambayo haipo. Pango nalo nalikagua, maana ankara yake ikishaingizwa kwenye madeni lazima itolewe kwenye malipo yanayojirudia, la sivyo linahesabiwa mara mbili.

Wiki mbili za kwanza tunazitegemea kuagizia mzigo. Ya tatu na ya nne zina oda ambazo bado hazijawa ankara, hivyo zinatuonyesha tu mahali pa kuwa macho. Mama hatii saini agizo lolote kubwa kabla sijaliingiza kwenye ukurasa na kumwonyesha linaishusha siku ya ukata hadi shilingi ngapi.