Nyuzi tatu za kamba moja: wema, tamaa na giza katika Bhagavad Gita

Katika Kisanskriti, lugha ya zamani ya India, kuna neno dogo ambalo linasumbua watafsiri wote: guna. Watu wengi wanalitafsiri «sifa» au «tabia», na si kosa. Lakini neno hilohilo lina maana ya uzi, ule uzi ambao unasokotwa pamoja na mingine mpaka kamba inatoka. Mimi napenda kuanzia hapo, kwenye kamba, juu kamba ina kazi moja tunayoijua sote: kufunga. Na katika Bhagavad Gita, pale Krishna anapoeleza guna tatu, mwanzoni mwa sura ya 14, kitenzi anachotumia ni hicho: zinafunga. Zinafunga roho ndani ya mwili.

Gita ni sehemu ndogo ya utenzi mkubwa sana wa Mahabharata, katika kitabu chake cha sita. Ina sura 18 na aya 700. Uwanja ni Kurukshetra, kaskazini ya mji wa Delhi, katika jimbo ambalo leo linaitwa Haryana. Majeshi mawili yametazamana, ya ndugu kwa ndugu, watoto wa baba wakubwa na baba wadogo. Arjuna, fundi wa upinde, anamuomba Krishna, ambaye ni muendesha gari lake la farasi, amupeleke katikati ili aone atakaopigana nao. Anaona nani? Babu yake Bhishma, na mwalimu wake Drona aliyemufundisha kushika ule upinde. Kinywa kinakauka, mwili unatetemeka, ngozi inawaka moto, na upinde wake, Gandiva, unamuponyoka mukononi. Anakaa chini ndani ya gari na kusema hatapigana. Mazungumzo yote yanatoka hapo.

Sasa zile nyuzi. Ya kwanza ni satva, wema: mwangaza, utulivu, akili inayoona vizuri. Ya pili ni rajas, tamaa: moto wa kutaka, kukimbia huku na huku, kuanzisha kazi kumi kwa siku moja. Ya tatu ni tamas, giza: uzito, uvivu, kusahau, na kuchanganyikiwa. (Msomaji wa Kiswahili ajihadhari hapa: tamas inasikika kama tamaa yetu, kumbe tamaa yetu ni ile rajas. Katika ukurasa huu nitatumia maneno yetu tu.) Krishna hasemi kama huyu ni muntu wa wema na yule ni wa giza, basi imekwisha. Anasema nyuzi zote tatu ziko ndani ya kila muntu, na zinapishana: saa fulani wema unashinda zile mbili, saa nyingine tamaa inapanda juu, saa nyingine giza. Wenye filozofi ya Sankhya, ambako mafundisho haya yana mizizi, wanazifananisha na taa ya mafuta. Utambi, mafuta na moto ni vitu vitatu tofauti, moto unakula vile viwili, lakini ukiondoa kimoja hakuna mwangaza.

Mpaka hapo mtu anaweza kufikiri ni somo la kawaida: fanya wema, kimbia giza. Haiko hivyo. Kitu kilichonishangaza mimi, na ninaona kinapita haraka machoni pa wasomaji wengi, ni kwamba wema pia ni kamba. Krishna anasema wazi kwamba tamaa inafunga kwa kazi, giza linafunga kwa uzembe na usingizi, na wema unafunga kwa raha na kwa ujuzi. Ni namna gani? Muntu mwenye akili safi anaanza kupenda ule usafi wake. Anasema: mimi ninajua, mimi niko na amani, musinisumbue. Sisi watu wa shule tunaifahamu sana hali hii, hata kama hatuipi jina. Ujuzi unakuwa kiti kizuri, na mwenye kukaa humo hataki tena kuondoka. Kamba ya hariri, lakini kamba.

Ndiyo maana kesi ya Arjuna ni ngumu kuliko inavyoonekana. Tuichukue polepole. Anapoweka upinde chini, anatoa sababu, tena sababu nzuri. Tukiua jamaa, ukoo utaharibika, ibada za ukoo zitapotea, mababu watakosa matoleo yao ya wali na maji. Afadhali kuombaomba chakula kuliko kula chakula chenye damu ya walimu wetu. Afadhali waniue mimi bila silaha. Nani anaweza kusikia maneno haya bila kusema: huyu ni muntu wa wema? Tena yeye mwenyewe anashitaki upande wake kwamba ni tamaa ya ufalme inayowasukuma kuua.

Krishna anamujibu kwa ukali. Anamuambia ni unyonge wa moyo, haustahili yeye. Siku nilipowaeleza wanafunzi wa kalasi ya sita habari hii, mmoja akasimama: «Profesere, huyu Krishna ni muntu wa namna gani? Mwenzake anakataa kuua ndugu zake, yeye anamusukuma apigane!» Lilikuwa swali la haki. Sisi wa Kivu, ambao tumeona vita tangu 1996, hatuwezi kusoma kitabu kinachomuambia mtu «shika silaha» kama vile tunasoma hadithi ya sungura. Hata Wahindi wenyewe hawakusikilizana. Tilak aliandika kitabu kikubwa juu ya Gita akiwa gerezani Mandalay, Burma, kikatoka 1915, na kwake Gita ni mwito wa kutenda. Gandhi aliyeipenda Gita maisha yake yote alisema uwanja wa vita ni moyo wa muntu. Mimi naona hadithi yenyewe inatusaidia kidogo: kabla ya vita, ndugu watano wa upande wa Arjuna walikuwa wamemaliza miaka 13 ya uhamisho, na Krishna mwenyewe alikwenda kama mjumbe wa amani. Mwishoni waliomba vijiji vitano tu, wakanyimwa hata udongo wa kutosha ncha ya sindano. Mlango wa amani ulikuwa umejaribiwa.

Lakini jibu la karibu zaidi na swali la mwanafunzi liko mbali, katika sura ya 18, na linapita njia ya zile nyuzi. Krishna anasema kuacha kazi inayokupasa kuna namna tatu. Ukiiacha kwa kuchanganyikiwa, hujui tena ipi ni ipi, kuacha huko ni kwa giza. Ukiiacha kwa sababu inaumiza, unaogopa mwili usipate taabu, ni kwa tamaa, na hupati faida yoyote ya kuacha. Ukifanya kazi kwa sababu inapasa kufanywa, na ukaacha tu kule kung'ang'ania matunda yake, huko ndiko kuacha kwa wema. Angalia vizuri: katika namna ya tatu kazi haiachwi kabisa. Kinachoachwa ni mkono unaokamata.

Tupime Arjuna sasa. Maneno yake yana rangi ya wema, lakini mwili wake unasema kingine. Anayeona vizuri hatetemeki hivyo, wala upinde haumuponyoki. Na jambo moja ni la kuangalia: angalitaka kweli kuacha vita juu ya kuua ni vibaya, angalikuwa ameacha miaka mingi nyuma, maana alikwisha pigana vita vingine bila machozi. Kinachomushika leo ni kwamba wale wa mbele ni wake. Huruma yake ni ya kweli, sikatai, lakini imechanganyika na hofu na kizunguzungu, na yeye anaona mwangaza peke yake. Zaidi ya hayo, Krishna anamuonya: ukisema kwa kiburi «sitapigana», azimio hilo ni la bure, asili yako mwenyewe itakukokota. Mpiganaji wa namna ile angekimbilia porini leo, kesho moto wa tamaa ungemurudisha vitani kwa hasira.

Basi tendo moja, kuweka upinde chini, linaweza kutoka katika uzi wowote. Huwezi kulisoma kwa macho ya nje. Gita inatoa alama moja ambayo mimi naona inafaa, alama ya raha. Raha ya wema mwanzoni ni kama sumu, mwishoni ni kama asali. Raha ya tamaa ni kinyume: inaanza tamu, inaisha uchungu. Raha ya giza inadanganya mwanzo na mwisho, ni raha ya kulala na kuzembea. Kwa Arjuna, kukaa chini ndani ya gari kulimupunguzia mzigo mara moja. Hiyo peke yake ingetosha kumutia mashaka.

Mahali mafundisho haya yameharibika ni pale watu walipoyageuza kuwa muhuri wa kupiga juu ya watu. Mbegu ya hatari imo ndani ya kitabu chenyewe: sura ya 18 inagawa kazi za matabaka manne, makuhani, wapiganaji, wakulima na wafanya biashara, watumishi, kufuatana na guna. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka la wasioguswa na akaongoza kamati ya kuandika katiba ya India, aliishambulia Gita bila huruma juu ya jambo hilo, na mimi siwezi kumulaumu. Hata hivyo aya moja kabla ya ule mgawanyo inasema hakuna kiumbe, duniani wala kati ya miungu mbinguni, aliye huru na nyuzi hizi tatu. Sijui kuhani anaisomaje aya hiyo na bado anajiona juu ya mwenzake.

Arjuna anauliza pia: aliyevuka nyuzi zote tatu tunamutambua kwa nini? Jibu halisemi kama hana tena tamaa wala giza. Linasema kwamba mwangaza ukija, au mwendo, au hata giza, hauchukii, na ukiondoka hautamani. Anaukaa kama mtu asiye na upande, na kwake donge la udongo, jiwe na zahabu ni sawa.

Mwishoni Krishna hamulazimishi. Anamuambia afikiri yote, kisha afanye anavyotaka. Halafu anauliza kama kule kuchanganyikiwa kumekwisha. Arjuna anajibu kwamba kumekwisha, kumbukumbu imerudi, yuko tayari. Neno analotumia kwa kuchanganyikiwa ni moha, lilelile ambalo sura ya 14 ilikuwa imelipa uzi wa giza. Ni yeye mwenyewe aliyelitaja. Kisha akaokota Gandiva, na vita vikadumu siku 18.