Majina Matano

Watoto wetu wa darasa la Jumapili hapa Leicester hupiga miayo tukifika Hesabu 26. Ni majina matupu! Safari hii niliwaambia watafute wanawake. Binti yangu akawaona: Selofehadi hakuzaa wana wa kiume, ila Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Nikawasomesha mstari wa 53: nchi itagawanywa kwa hesabu ya majina hayo. Kumbe ni daftari la mashamba. Sura ya 27 mabinti wanadai fungu la baba yao, wanapewa. (Sura ya 36 inawabana waolewe ndani ya kabila lao.)

“Mama, jina lako limo kwenye shamba la babu?”

Halimo. Waliandikwa kaka zangu tu.