Mfuko wa Dawa za Baba

Mfamasia hakumuuliza baba anaugua nini. Hilo lilikuwa tayari kwenye faili: tezi dume imevimba, upasuaji ni Alhamisi. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alimwambia tu, "Mzee, mwaga kila kitu hapa mezani," na baba akaumwaga mfuko tuliokuja nao kwa matatu kutoka Nyamira hadi Kisii mjini.

Kila pakiti iliulizwa maswali matatu. Unameza ngapi? Nani alikuandikia? Mara ya mwisho ulimeza lini?

Pakiti mbili zilikuwa za presha, lakini hazikupewa amri moja. Amlodipini aendelee nayo, hata asubuhi ya upasuaji, kwa funda dogo la maji. Losartani aiache saa 24 kabla. Baba akashangaa: si presha itapanda? Mfamasia akamweleza kwamba dawa ya usingizi yenyewe hushusha presha, na losartani huuzuia mwili kuipandisha tena. Zikikutana, presha inaweza kuanguka ukiwa umelala pale mezani, na madaktari wakapata kazi kuiinua. Kukosa kidonge cha siku moja si hatari kama hiyo.

"Na ambacho hukukileta?"

"Ni hivyo tu."

Hakuridhika. Akaanza kuuliza kwa viungo vya mwili. Magoti yakiuma unanunua nini chemisti? Kuna unga wa mizizi unaochemsha? Na moyo je? Hapo baba akatoa mfukoni mwa koti vidonge vidogo vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Aspirini, miligramu 75. Rafiki yake alimwambia vinalinda moyo. Cha mwisho alikimeza asubuhi ile ile.

Mfamasia akaweka kalamu chini. Aspirini huziharibu chembe zinazogandisha damu kwa maisha yao yote, na mwili huhitaji siku 7 hadi 10 kutengeneza nyingine. Tezi dume nayo hutoka damu nyingi ikikatwa. Akauliza kama baba amewahi kupata kiharusi, mshtuko wa moyo, au kuwekewa kifaa cha kuzibua mshipa wa moyo. Angekuwa navyo, kuiacha ghafla kungeweza kuleta damu iliyoganda, na uamuzi ungekuwa wa daktari wa moyo pamoja na wa upasuaji. Hakuwa navyo. Akampigia daktari simu, na upasuaji ukasogezwa siku kumi.

Baba alikuwa amevaa mpira wa mkojo kwa miezi miwili. "Siku kumi zingine na huu mpira?"

"Mzee, afadhali mpira kuliko watoto wako kutafuta damu usiku."

Akatuandikia karatasi: dawa, siku ya kuacha, siku ya kuanza tena. Losartani ilirudi baada ya upasuaji, presha ikishapimwa. Mbele ya aspirini hakuandika siku yoyote. Aliandika: "Usianze. Uliza kwanza kama unaihitaji."